Viatu vya Jumanne

Karugendo alimtambua mgeni wake kwa viatu.

Gari mbili aina ya Noah zilikuwa zimeingia uani kwake Kishanda zikipiga honi utadhani zimebeba timu iliyochukua kombe. Kina mama wa jikoni walitupa miiko wakatoka wakipiga vigelegele. Wageni kutoka Kanazi walianza kushuka mmoja mmoja, wakijinyoosha viuno na kurekebisha kanzu na mitandio, maana walikuja kwa shughuli nzito: kumposa Annastella, binti wa kwanza wa mzee Karugendo, muuguzi mwenye cheti chake na kazi yake. Karugendo alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima mlangoni, kanzu nyeupe imefunika mguu mmoja alionao na ule asionao, koti jeusi juu, ndevu zimenyolewa asubuhi ileile na mdogo wake Byabato. Furaha ilikuwa imemjaa hadi kooni.

Akatazama miguu ya wageni. Ni mazoea, hayakumtoka hata siku hiyo. Viliteremka viatu vya kiume vilivyong'arishwa, zikafuata sandali za kina mama, halafu vikateremka viatu vya kahawia vyenye kisigino kifupi na kifungo cha shaba, na cha kushoto kimeshonwa ubavuni kwa uzi mweusi.

Viatu vile alivijua kuliko kandambili za mkewe. Kila Jumanne, saa nne asubuhi, vilikuja barabarani pale Bukoba mjini, karibu na soko, ko-ko-ko-ko, visipunguze mwendo hata kidogo, na kutoka juu ikadondoka sarafu ya mia tano ndani ya sahani yake ya bati. "Shika, mzee," sauti ilisema, mara nyingi katikati ya maongezi ya simu, na viatu vimekwisha kupita.

Kwa maana, tuseme ukweli mapema tusizungushane, mzee Karugendo alikuwa ombaomba. Kishanda nzima ilijua ni mlinzi wa usiku katika duka la vifaa vya ujenzi Bukoba. Mkewe Immakulata alijua hivyo, Annastella alijua hivyo, na barua ya posa iliandikwa hivyo. Na leo mwanamke anayemjua yeye ni nani hasa anakanyaga nyasi mbichi walizotandika sebuleni kwa ajili yake.

"Huyo mama wa viatu vya kahawia ni nani?" alimnong'oneza Byabato, ambaye ndiye msemaji wa upande wa binti.

"Shangazi wa Mwesiga, bwana harusi. Bi Hellen. Ana duka la vitenge Kanazi, kila wiki yuko mjini kufuata mzigo. Wanasema bila yeye kukubali, hakuna harusi." Byabato alimkazia macho. "Kaka, mbona unatoka jasho?"

"Koti," alisema Karugendo.

Mambo hayakuanzia barabarani. Yalianzia kwenye migomba. Ugonjwa wa mnyauko uliingia kibanja chake ukala shina baada ya shina. Ukikata mgomba unatoa usaha wa manjano, ukifungua ndizi ndani imeoza. Waling'oa yote, wakafukia. Akaenda kubeba magunia ya kahawa kwenye malori, na siku lori lilipoteleza kwenye tope, mguu wa kulia ukabaki chini ya gurudumu. Alipotoka hospitali alikwenda Bukoba kutafuta kazi yoyote ya kukaa. Alizunguka wiki mbili na gongo lake. Siku ya kumi na tano alikaa kando ya barabara kupumzika, kofia ameiweka chini karibu na goti, na mtu akapita akatupia humo mia mbili.

Hakuomba. Aliwekewa tu. Na kwa mia mbili ile akala kipande cha muhogo, na muhogo ule ulikuwa mtamu, na aibu ikaja baada ya kushiba.

Kuomba ni kazi yenye shule yake, na mwalimu wake alikuwa Kokubanza, mwanamke asiyeona aliyekaa hatua tatu kutoka kwake. Kokubanza ndiye aliyemfundisha aache kofia atumie sahani ya bati, kwa sababu sarafu ikilia, mpita njia wa pili husikia na kukumbuka kuwa naye anayo. Asiiache sahani tupu, aweke mbili tatu za kuanzia; wala asiiache ikajaa, kwani watu hawampi mwenye nacho. Noti ifichwe upesi. Ijumaa ni siku kubwa, wenye maduka huandaa bakuli la sarafu na kugawa. Jumapili ni milangoni mwa makanisa, lakini uwahi, watu wakitoka mahubirini mikono huwa wazi kwa dakika kumi tu. Na jambo la mwisho, usimtazame mtu usoni. "Ukimtazama anaona haya, na mwenye haya hufunga pochi," alisema Kokubanza. "Mimi Mungu alinirahisishia."

Ndiyo maana Karugendo alijifunza viatu.

Aliwaona wa kila aina. Wapo waliotoa mia na kuhubiri ya elfu tano. Yupo kijana aliyemletea mkate na soda, akamwomba aushike mkate karibu na kidevu, akapiga video, kisha akaondoka na simu yake. Karugendo alikaa mwezi mzima akiomba Mungu video ile isifike kwao Muleba. Na yupo Najibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila Ijumaa alitoka mwenyewe na bakuli lake, akachuchumaa, akasema, "Mzee Karugendo, habari za Kishanda?" Sarafu zilikuja baada ya jibu. Jioni Najibu alimbadilishia sarafu zake kwa noti, maana dukani chenji ni shida, na mchana alimwachia atupie jicho ndoo na mabeseni yaliyopangwa nje. Basi Karugendo aliporudi nyumbani na kusema ni mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amesema robo ya ukweli. Robo nyingine tatu alizimeza.

Sasa zilikuwa zinampanda.

Alijitia moyo. Bi Hellen hajawahi kumtazama usoni. Pale mjini yeye ni kofia iliyoshushwa, gunia la kukalia na mkono. Hapa ni kanzu na koti. Kilichobaki ni sauti, na kwa bahati kuu, mila ilikuwa upande wake! Siku ya posa baba wa binti hasemi. Anakaa tu kama mtemi, msemaji wake ndiye anayejibu, anayedai na anayetoza faini. Karugendo karibu acheke kwa sauti. Afunge mdomo kwa saa tatu tu, binti aolewe.

Shughuli ilianza kwa moto. Msemaji wa Kanazi, mzee Rutaihwa, alikuwa na sauti ya kengele na maneno mengi. Alisema wamepotea njia, wameona moshi wa jikoni, wakavutwa na harufu ya senene wa kukaanga. Byabato akamjibu kwamba wapotevu hawaji na magari mawili na mitandio mipya.

"Na tena mmeingia bila kubisha hodi!" Byabato alidakia. "Faini!"

Wakalipa. Wakatozwa tena kwa sababu Rutaihwa alikaa kabla ya kukaribishwa. Wakatozwa kwa kumwita binti "ua" wakati hapa kuna mabinti wanane na hakuna aliyejua wanasema yupi. Kila faini iliwekwa kwenye sahani iliyokuwa juu ya meza ndogo mbele ya Karugendo, noti za elfu mbili, za elfu tano, na kila mara kina mama walishangilia. Annastella alichungulia kutoka chumbani, macho yanawaka. Mwesiga, kijana mrefu mwenye aibu, alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota simu. Karugendo aliona vyote hivyo na furaha ikamrudia, akaanza hata kutikisa bega.

Kisha ikaja kahawa ya kutafuna. Kwa desturi ya kwao baba mwenye nyumba humpa mgeni kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na mgeni hupokea kwa mikono miwili. Immakulata alileta kikapu kidogo. Karugendo alichota punje, akampa Rutaihwa, akampa jirani yake, akafika kwa Bi Hellen. Alikuwa akiongea na mwenzake. Alinyoosha mkono mmoja akapokea bila kugeuka.

"Ahaa!" Byabato aliruka. "Shangazi mzima! Kahawa ya baba wa binti kwa mkono mmoja? Faini!"

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Bi Hellen naye alicheka, akafungua pochi, akapekua. "Jamani mmetumaliza, noti zote mmekula! Haya, chukueni hii hii." Akatoa sarafu ya mia tano, na kwa utani akairusha kutoka juu ndani ya sahani.

Ikalia, kringi.

Mkono wa Karugendo ulinyooka wenyewe. Kichwa kikainama. Na mdomo, mdomo ule uliokuwa umefungwa saa nzima, ukafunguka ukasema kile ulichosema mara arobaini kila siku kwa miaka mitatu:

"Mungu akuzidishie, mama. Ulipotoa pasipungue."

Halafu Rutaihwa akapiga makofi. "Baba mkwe kasema! Baba kasema kabla ya msemaji wake! Leo ni leo! Faini kwenu nyinyi sasa, tena nzito!" Wageni wakapiga mayowe ya ushindi, Byabato akajishika kichwa, watu wakacheka hadi machozi, wakidhani mzee amezidiwa na furaha.

Bi Hellen hakucheka. Alikuwa ameganda, midomo wazi, anamtazama Karugendo usoni. Kisha macho yakateremka taratibu mpaka pale kanzu ilipolala bapa juu ya mguu usiokuwepo.

Karugendo alichukua gongo, akanong'ona kuwa anakwenda kupunga hewa, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alifika kwenye migomba michanga nyuma ya jiko kabla hajasikia ko-ko-ko-ko nyuma yake. Safari hii viatu vilisimama.

"Ni wewe," alisema Bi Hellen.

"Ni mimi."

"Yesu wangu." Alitazama huku na huku. Kisha, haraka haraka, kama mtu aliyezoea kumaliza mambo upesi, akafungua zipu ya ndani ya pochi. Kumbe noti hazikuwa zimeisha. Alitoa bunda lililokunjwa akalisukuma kwenye kiganja chake. "Chukua hizi. Sikiliza, mzee wangu. Jumanne usikae pale. Usikae tena kabisa. Nipe namba yako, nitakuwa nakutumia kwa simu kila mwisho wa mwezi, asijue mtu. Mwesiga asijue. Tukae kimya, watoto waoane, basi."

Nitakuambia bila kuficha: mkono wa Karugendo ulizipenda zile hela. Zilikuwa nyingi kuliko Ijumaa nne. Na zaidi ya hela, siri! Mambo yangeisha palepale. Angerudi ndani, angekaa kwenye kiti chake, lubisi, ile pombe ya ndizi, ingemiminwa.

Lakini akaiona ile simu ikilia kila mwisho wa mwezi. Akajiona akiisubiri. Akamwona Annastella akikosea jambo dogo huko ukweni, chumvi imezidi kwenye ndizi, na shangazi huyu akiwa na kitu kooni ambacho anaweza kukitema siku yoyote. Kule barabarani mia tano ilikuwa inanunua baraka tu. Hii ilikuwa inamnunua yeye na mtoto wake.

Akamrudishia.

"Kwa nini?" Bi Hellen alichukia kweli. "Nimekukosea nini? Miaka mitatu nakupa!"

"Umenipa, na sikatai. Migomba hii unayoiona ni machipukizi safi, nimeyanunua kwa hela za barabarani. Na zako zimo. Ukipita ukaniwekea nilikuwa nakula, mama, usidhani napuuza. Njaa haijali imeshibishwa vipi. Ila nikuulize. Pale barabarani, mimi nina ndevu au sina?"

Bi Hellen akautazama uso ule ulionyolewa asubuhi, akijaribu kukumbuka.

"Mara mia na zaidi umenipita," alisema Karugendo. "Mimi najua kiatu chako cha kushoto kilipasuka mwezi wa sita ukakishona kwa uzi mweusi. Najua mlifiwa, ulikuja na nguo nyeusi Jumanne tatu. Nilitaka kukupa pole. Ulikuwa umekwisha kupita."

"Nilikuwa na haraka," alisema kwa sauti ndogo.

"Kule nipe tu, nitapokea. Hapa ni nyumbani kwangu. Hapa mimi ndiye ninayekupa kahawa."

Akageuka na gongo lake, akarudi ndani kabla ujasiri haujapoa. Sebuleni walikuwa wanabishana kwa vicheko kama faini ya baba mkwe iwe jogoo au debe la lubisi. Karugendo hakukaa. Alisimama katikati ya nyasi, akiegemea gongo.

"Mmeniandika mlinzi kwenye barua yenu," alisema. "Mimi si mlinzi. Ninaomba barabarani Bukoba, karibu na soko, miaka mitatu sasa. Binti yangu hajui. Hana kosa. Nimeona msichukue mtoto kwa jina lisilo la baba yake."

Annastella alitoka chumbani, kitenge kipya kimemteleza begani, akasimama mlangoni akimwangalia baba yake. Karugendo hakuweza kumtazama. Alitazama miguu yake, miguu ya muuguzi, peku juu ya nyasi. Byabato alikaa chini bila kuangalia kama pana kiti.

Immakulata ndiye aliyeanza. Aliweka chini kikapu cha kahawa, akapangusa mikono.

"Taata Annastella," alimwambia mumewe, "mlinzi wa usiku gani anaungua jua shingoni na mikononi hivi?"

"Ulijua?"

"Mwaka wa pili huu. Ningesema nini? Ulikuwa unaingia nyumbani umenyoosha kichwa. Nilipenda kukuona umenyoosha kichwa."

Annastella aliangua kilio, akaja mbio akamshika baba yake mkono, ule ule mkono, akaubana.

Rutaihwa alikohoa. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na ukoo nyuma yake, na wazee wawili walikwisha kuanza kunong'onezana. "Jambo hili ni zito," alisema, sauti ya kengele imepungua. "Pengine turudi Kanazi, tukae, tulitafakari. Tutaleta jibu siku nyingine." Kila mtu mzima mle ndani alijua maana yake. Posa ikirudi nyumbani kutafakariwa, haiji tena. Mwesiga alisimama nusu, mjomba wake akamvuta koti akakaa.

"Kabla hatujaondoka," ilisema sauti kutoka mlango wa nyuma, "kuna faini haijalipwa."

Ni Bi Hellen. Macho yalikuwa mekundu na pochi ameifunga.

"Byabato, wewe ndiye mjuzi wa faini. Mtu akimpita mkwe wake njiani bila kumsalimia, kwa desturi yetu anatozwa nini?"

Byabato alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Akimpita mara moja?"

"Kila Jumanne. Miaka mitatu."

Ikachukua muda mfupi tu. Byabato hakuwa mjinga. Ukimpa mlango wa upana wa kidole yeye anapita na ng'ombe. Aliruka juu. "Mbuzi!" alipiga kelele. "Mbuzi jike, tena mwenye mimba!"

"Subiri, subiri!" Rutaihwa alidakia, kwani kubishana faini kulikuwa ndani ya damu yake, hakuweza kujizuia. "Mbuzi kwa salamu? Kuku anatosha! Kuku wawili!"

"Salamu mia na hamsini, kuku wawili? Mnatuona hatujui hesabu?"

"Basi jogoo na kuku!"

"Mbuzi!" walipiga kelele kina mama wa jikoni.

"Na nani amewaambia huyu ni mkwe?" mmoja wa wazee wa Kanazi aliuliza kwa hasira. "Mpita njia hatozwi faini kwa ombaomba!"

"Ndiyo hivyo, mzee wangu," alisema Bi Hellen, akamgeukia. "Hatozwi. Kwa mkwe tu ndiyo anatozwa. Na mimi nalipa."

Rutaihwa alimtazama Bi Hellen, akauona mtego, akaona pia kuwa mguu wake mmoja umekwisha kuingia, kwa maana yeye mwenyewe ametaja kuku wawili mbele ya mashahidi. Tabasamu lilianza pembeni mwa mdomo likaenea. "Mbuzi," alisema hatimaye, akanyoosha mikono juu. "Tumeshindwa. Mbuzi jike!"

Hapo ndipo nyumba ilipoinuka. Vigelegele vilipasua bati, mtu alianza ngoma kwa kupiga debe, Mwesiga alimtoka mjomba na koti likabaki mikononi mwa mjomba. Yule mzee mwenye hasira alinung'unika, lakini alipopewa kahawa aliipokea kwa mikono miwili kama wenzake.

Katikati ya ghasia ile Bi Hellen alipiga magoti juu ya nyasi mbele ya Karugendo, kama mwanamke wa Kihaya anavyomsalimia mtu wa kuheshimiwa, akanyoosha mikono yote miwili, akamtazama usoni.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba," alisema Karugendo. Alimwekea punje tatu za kahawa. Mbuzi yule atakuja, aliwaza, naye hatasema Mungu akuzidishie. Atamfunga kamba tu. Mbuzi ni haki yake.

Jumanne iliyofuata alikuwa mahali pake Bukoba. Msishangae. Migomba ilikuwa bado miezi mingi izae mikungu, na mbuzi mwenye mimba haliwi. Alikwisha kumwambia Annastella ndizi ya kwanza ikikatwa ataacha kuomba, na Najibu naye alikuwa anafikiria kumpa kiti ndani ya duka, ashike funguo. Lakini tumbo halingoji kufikiria kwa Najibu.

Saa nne vikaja. Ko-ko-ko-ko. Karugendo alijikuta ameishika sahani kwa nguvu. Vilipofika mbele yake vilipunguza mwendo, vikasimama, na Bi Hellen akachuchumaa pale kando ya barabara, pochi magotini, watu wakimpita na kugeuka kumwangalia.

"Shikamoo, mkwe. Habari za Kishanda?"

"Marahaba. Njema. Mbuzi wako ni mkorofi, amekula kitambaa cha meza."

Walicheka. Kisha cheko likaisha na Bi Hellen akabaki ameshika sarafu yake, vidole vinaizungusha. Alikuwa amewaka uso. "Sijui nifanye nini," alisema. "Nikikupa naona nakudhalilisha. Nisipokupa naona nakunyima. Niambie wewe. Nikupe au nisikupe?"

Karugendo alimtazama. Katika siku zote alizokaa pale hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alijisikia mrefu ghafla, hapohapo juu ya gunia.

"Leo mimi nimekunywa chai," alisema. "Mpe yule mwenzangu. Lakini usiitupe. Msalimie kwanza. Anaitwa Kokubanza."

Bi Hellen aliinuka, akatembea zile hatua tatu, akachuchumaa tena.

"Shikamoo, mama Kokubanza," alisema.

Kokubanza aligeuza uso upande ilikotoka sauti, akasikiliza kana kwamba ameitwa kutoka mbali sana, na kwa mara ya kwanza tangu Karugendo amjue, alisahau kunyoosha mkono.